Watu 371 walisema watanunua, wakalipa 26

Nianze na namba, maana ndo zilizonifanya nikae niandike. Niliweka kura kwenye story, nikauliza nikitoa darasa la kulipia la vitafunio vya biashara utanunua? Wakapiga watu 412, na 371 kati yao wakasema ndio. Sasa wewe chukua 371 piga mara shilingi elfu kumi na tano, bei ya darasa, uone, ni zaidi ya milioni tano na nusu, mtu ukiwa huna uzoefu hapo hapo unakwenda Darajani kutafuta taa na maikrofoni ya kurekodia. Ilipofika siku ya kutoa pesa, wageni nisiowajua waliolipa walikuwa 26. Na hao 26 walinitosha kabisa, kwa sababu nlikuwa nshajiwekea toka mwanzo kwamba wakifika 20 natengeneza, wasipofika narejesha pesa za watu na sirekodi hata dakika moja. Leo nataka kueleza hapo katikati, baina ya kura na malipo, maana naona wengi wenye kurasa zao za mapishi, hina, ushonaji, wanaingia kutengeneza kwanza halafu ndo wanatafuta wa kumuuzia.

Kwa msionijua, mie nipo Fuoni, narekodi video fupi za vitafunio vyetu, katlesi, sambusa, vileja, visheti, mkate wa kumimina, na jioni nafanya oda za watu za shughuli. Wafuasi wapo kama elfu kumi na moja, wengine wa hapa Unguja, wengine Pemba, na wengi tu wazenji waliopo Maskati na Dubai. Kila siku naambiwa "toa kitabu dada, toa pidiefu tununue". Na kweli kitabu cha mapishi kilikuwa ndo wazo la mwanzo, lakini kukiandika kungenila jioni zangu zote za wiki kadhaa, na jioni ndo wakati wangu wa kukaanga oda. Kwa hivyo kila jioni ninayokaa na kamera ni pesa naiacha ipite.

Baada ya ile kura, kabla ya kumuuliza mtu chochote chengine, nlirudi kwenye meseji nilizokuwa nazo tayari. Hii kazi haina raha lakini kwangu ndo iliyotoa dhahabu. Nikakaa na daftari nikasoma meseji za miezi iliyopita nikawa napiga vistari: hili ni swali la mapishi, hili la kifaa, hili la bei, hili salamu tu. Maswali ya mapishi yalikuwa mengi kuliko yote, ila ukiyafuatilia utaona mtu anauliza "unga wa vileja nusu kilo samli kiasi gani?", unamjibu, anakwambia ahsante, basi, hasikiki tena. Jibu lake ni la bure, kama si kwangu atalipata kwa mama yake au video ya mtu mwengine. Maswali ya bei yalikuwa machache lakini yalikuja vyengine kabisa, yanakuja usiku, yanakuja na voisi ndefu, na wanaouliza ni watu wanaouza tayari. Na ukiwajibu hawaondoki, wanarudi na swali jengine.

Nikupe mmoja, ameniruhusu nieleze bila ya jina, yuko Wete. Anauza katlesi shilingi 300 moja, oda ya mia ni 30,000. Ananambia dada mie kila wiki nina oda lakini pesa siioni. Nkamwambia hebu nitajie ulivyonunua mara ya mwisho. Viazi kilo nne kwa 2,500, hiyo 10,000. Nyama nusu kilo 7,000. Mayai sita ya 500, hiyo 3,000. Mafuta yaliyoliwa kama 4,500, thomu, ndimu, bizari na chumvi 2,000, gesi tukakisia 1,500. Jumla 28,000. Yani tokea anachemsha viazi mchana mpaka anafunga sinia usiku amebakiwa na shilingi 2,000, na hapo bodaboda ya kupeleka hajaitoa, na kama alimpa jirani hata kumi za kuonja basi ameshaingia hasara. Kimya kikapita, akaniuliza, "Sasa niuzeje?" Hapo nikajua watu wanataka hesabu, katlesi wanajua kuzipika kuliko mie.

Lakini mtu mmoja wa Wete si soko. Nikachagua kama watu kumi na mbili kati ya wale walioandika maswali ya bei, nikawapigia au nikawasikiliza kwa voisi, na hapa kuna jambo inabidi wazenji tuambizane ukweli. Ukimuuliza mtu wetu "nikitoa hiki utanunua?" hawezi kukwambia hapana. Adabu haimruhusu. Atakwambia inshaallah, atakwambia wewe tena, atakwambia toa tu mie nshanunua, na wala hakudanganyi, anakutakia kheri tu. Kwa hivyo lile swali nlilitupa kabisa. Nikawa nauliza yaliyokwisha kutokea: oda yako ya mwisho ilikuwa ya nini, ulimtajia bei gani, hiyo bei uliipataje, nani ulimuuliza, umewahi kulipia kujifunza chochote cha biashara hii, ulilipa ngapi? Mtu hawezi kukufanyia adabu kwenye mambo yaliyopita, ama alilipa ama hakulipa.

Majibu yalikuwa na mambo mawili yaliyonipa moyo kuliko zile kura zote. Moja, wanne kati yao walikuwa washalipia darasa la kukaa, la keki au la mapambo, mmoja alitoa 50,000. Kwa hiyo ni watu ambao mkono wao unajua kutoa pesa kwa elimu. Jengine, wengi walikuwa washajaribu kulitibu tatizo wenyewe, mmoja ana daftari lenye mistari ya manunuzi ambalo aliliacha katikati, mwengine anampelekea mume wake risiti za soko amfanyie hesabu, mwengine anachukua bei ya jirani anapunguza mia. Mtu akiwa anahangaika hivo, hata kwa njia mbovu, tatizo ni la kweli. Wale wawili waliosema "ah hesabu najua, tabu yangu wateja" nikawaandika pembeni, hao si wangu.

Sasa nikapata umbo la kitu: darasa la kutoa bei ya oda, si kitabu cha mapishi. Nikataka kuliuza kabla sijalitengeneza, na plani yangu ilikuwa kuchukua arbuni ya 5,000, iliyobaki mtu amalizie likiwa tayari. Nikamweleza ami yangu, yeye amesoma dini na pia alikuwa na duka miaka mingi, akaniuliza swali moja tu: "Hicho unachouza kiko wapi?" Nikamwambia bado ami, wakilipa ndo nakifanya. Akanikumbusha Mtume (s.a.w) alipofika Madina aliwakuta watu wanalipia matunda kabla ya msimu wake, hakuwakataza, ila akawaambia anayelipa kabla alipie kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana, na muda unaojulikana. Hiyo ndo biashara ya salam. Akaniambia na kwenye salam pesa inatolewa yote pale pale, na sie Mashafii arbuni ile ya kwamba ukighairi imepotea haiswihi. Mie si mwanachuoni, na darasa la simuni linaweza kuwa na maneno yake mengine, kila mtu amuulize mwalimu wake. Ila angalia alivyonisaidia yule mzee kwenye kupima kwangu soko bila ya kujua.

Kwanza, kipimo kinachojulikana. Nililazimika kuandika hasa nini mtu anapata. Tangazo langu la mwanzo lilikuwa "darasa la kukuza biashara yako ya vitafunio", maneno ambayo yangeweza kuwa chochote, na mtu akikataa hapo huwezi kujua amekataa nini. Pili, muda, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Tatu, pesa yote, na hili ndo kubwa. Elfu tano watu wanatoa kwa kukupenda tu, wanakuona mwenzao unahangaika wanakuchangia, ndo tulivyo. Ningepata arbuni arubaini nikatengeneza darasa zima, halafu ndo nigundue nusu yao hawamalizii. Bei kamili ndo inayopima bei kamili. Kwa hivyo nikaandika hivi, nikaweka kama picha na chini yake voisi ya dakika mbili:

"Darasa la Bei ya Oda. Kwa anayeuza vitafunio nyumbani na hajui faida yake. Wiki mbili, ndani ya grupu la WhatsApp, masomo sita ya voisi na picha. Utaleta oda yako mwenyewe nitaikagua hesabu zake mpaka upate bei. Tunaanza tarehe 5 Shaabani. Shilingi 15,000, unalipa yote. Mwisho wa kulipa ni tarehe 27 Rajabu. Tusipofika watu 20 darasa halifanyiki na kila mtu anarejeshewa 15,000 yake kamili siku ya pili yake."

Ile 20 sikuiokota. Nilipiga hivi: jioni za wiki mbili nisizochukua oda zingenikosesha kama 200,000, viungo na gesi ya kupikia mifano 70,000, bando 30,000. Jumla 300,000. Gawa kwa 15,000 unapata 20. Chini ya hapo bora nikaange sambusa zangu. Na hii namba lazima uiandike kabla hujafungua malipo, na uwaambie watu, kwa sababu wakilipa 14 moyo utakwambia "si haba, tuanze tu", na hapo ushaanza kujidanganya. Nikajiwekea na sharti jengine la siri: pesa ya ndugu na mashoga inapokelewa kwa mikono miwili lakini haihesabiwi kwenye 20. Mawifi zangu wawili walilipa ndani ya saa moja, na wote wawili hawajawahi kuuza hata bajia.

Kati ya kura na malipo niliweka ngazi moja ya katikati, nayo ni kazi ndogo ya mkono. Niliwaambia wanaotaka taarifa wahifadhi namba yangu ya WhatsApp kwenye simu zao halafu waniandikie neno HESABU. Hii haikuwa mbwembwe. Ukituma ujumbe kwa brodkasti, WhatsApp inampelekea yule aliyeihifadhi namba yako tu, asiyeihifadhi hapati kitu na wewe huambiwi, na orodha moja inabeba watu 256. Kwa hiyo anayehifadhi namba na kuandika neno kafanya kitu, hata kidogo, tofauti na anayegusa kidole kwenye story huku anapika. Kutoka kwa wale 371 waliosema ndio, walioandika HESABU walikuwa 96. Nikawawekea lebo kwenye WhatsApp Business: walioandika, walioulizia malipo, waliolipa. Hizo lebo tatu baadae ndo zilizonieleza kila kitu.

Wakalipa 31. Ukitoa ndugu na mashoga watano wanabaki 26. Pesa iliyoingia 465,000. Ukiangalia kwa kura, ni kama saba tu katika kila mia waliosema ndio, ukiangalia kwa wale 96 ni zaidi kidogo ya robo. Kwa hivyo mimi sasa hivi kura siiangalii tena kama namba ya wanunuzi, naiangalia kama njia ya kupata watu wa kuongea nao.

Lakini usiishie kwa waliolipa, wasiolipa wana habari zaidi. Nilipitia wote waliokuwa na lebo ya kuulizia malipo wakanyamaza, nikawauliza kwa upole tu, sikuwasukuma walipe: "Bibie, uliona tangazo? Ulikwama wapi?" Wakatoka makundi matatu tofauti, na kila kundi dawa yake mbali. Kuna waliokuwa Maskati na Dubai, wanataka kulipa ila hawana njia ya kuingiza kwenye pesa ya simu ya huku. Wawili walimtuma ndugu aliye Unguja awalipie, wengine walikata tamaa. Hilo si tatizo la soko, ni tatizo la malipo. Kuna waliogopa kutapeliwa, "nitume halafu unitie bloku?", na hao waliponiona nimepanda laivu na uso wangu nikaeleza utaratibu wa kurejesha, baadhi wakalipa siku ile ile. Hilo ni la imani. Na kuna waliosoma, wakaelewa, wakajua namna ya kulipa, wakasema mambo bado hayajakaa sawa. Hao ndo hapana ya kweli. Ukiwachanganya wote watatu ukasema "watu hawataki", utaua kitu kizima, na ukisema "wote ni shida ya malipo tu" utajidanganya vile vile.

Darasa lenyewe nlilifanya moja kwa moja, somo la kesho nalitengeneza leo usiku. Nashukuru sana sikurekodi mapema, kwa sababu kichwani mwangu nlikuwa nimepanga kuwapa faili la Excel lililojaa fomula. Nikawatumia, siku ya pili nikawauliza nani ameweza kulifungua, wakajitokeza watatu. Wengine simu zao hazina programu yenyewe, wengine wamefungua wakaona vidude vidogo hawaoni hata pa kugusa. Ikabidi nichore karatasi moja kwa mkono, safu tano: kitu, nilichonunua, nilichotumia, bei yake, jumla, na chini sehemu ya gesi, nauli na ujira wa mkono wangu. Nikaipiga picha nikaituma, wakainakili kwenye madaftari, na kikokotozi cha simu kikatosha. Kilichowatoa jasho zaidi ilikuwa tofauti ya "nilichonunua" na "nilichotumia", mtu ananunua lita tatu za mafuta anaziweka zote kwenye oda moja, au hayaweki kabisa kwa sababu "yalikuwemo ndani". Hilo kwenye mpango wangu wa masomo halikuwemo, likaja kuwa somo zima.

Na kitu kimoja nilichokiona mapema: picha ya ile karatasi ilikuwa imeshatoka nje ya grupu kabla darasa halijaisha, nikatumiwa mwenyewe na mtu ambaye hajui ni yangu. Sikukasirika sana. Pidiefu huku inazunguka, ukiiuza kwa mmoja ushaigawa kwa mtaa. Kisichoweza kufowadiwa ni mie kuikagua hesabu ya oda yako wewe, na nilipowauliza mwisho wa darasa wangelipia tena kitu gani, wengi walitaja huko huko kukaguliwa. Yule wa Wete alipandisha katlesi hadi 450, wateja wawili wakamkimbia, waliobaki wakanunua kama kawaida, na oda ya mia sasa inamwachia kama 17,000 kabla ya nauli.

Sasa nlikuwa na hamu ya kurekodi darasa zima liwe la kununua muda wote. Ila kulikuwa na swali moja linanisumbua: nimepima katika Rajabu, mwezi ambao kila muuza vitafunio anajua Shaabani arusi zinafululizana na nyuma yake Ramadhani, oda za sambusa na katlesi zinamfuata mlangoni. Kiu ile ni ya mwaka mzima au ni ya msimu? Nikafungua tena kwa bei ile ile, tangazo lile lile, 20 ile ile, safari hii Mfungo Sita. Maulidi yapo, vitafunio vinatoka, lakini si ile kasi. Orodha ya walioandika HESABU ilikuwa imekua, si ndogo kuliko mwanzo, na wakati huu nlikuwa na voisi za wanafunzi wa mwanzo wakieleza faida zao. Wakalipa tisa.

Nikarejesha 135,000 siku ya pili yake, makato ya kutuma nikayabeba mie kwa sababu niliandika kamili na kamili maana yake hiyo. Wanne kati ya wale tisa walinijibu kwamba wanasubiri Rajabu, niwaandike majina. Nimewaandika. Kurekodi nimekuacha, darasa linafunguliwa mara moja kwa mwaka kwa grupu, mwanzo wa Rajabu, na kinachofuata kupimwa ni ukaguzi wa oda moja moja kwa 5,000, ambao hauhitaji kutengeneza chochote zaidi ya ile karatasi na muda wangu. Ndugu zangu wa Maskati, kwenu kwanza natafuta njia ya malipo, kabla ya hapo siwauzii kitu.